Jinsi ya kulinganisha simu tatu kwa jedwali la alama na uzito

Kila anayetaka kununua simu huja na swali lilelile: "Nina hizi tatu, ipi nzuri?" Ukimjibu, kesho anakuja mwingine na tatu nyingine. Na wale ambao tayari wamechora jedwali huja na maswali yao: uzito, yaani nguvu ya kila kigezo kwenye jumla, nautoa wapi, kwa nini simu zote zimepata alama zinazokaribiana, mbona iliyoshinda siyo niliyoitarajia. Nimeyaandika majibu mahali pamoja, hatua kwa hatua, kwa mfano mmoja tutakaoufuata mpaka mwisho.

Mfano ni wa shangazi yangu. Anauza vitenge na magauni, na wateja wake wengi huona mzigo kwanza kwenye WhatsApp kabla hawajafika dukani. Alikuwa na kikomo cha shilingi 550,000 na simu tatu alizozipenda Kariakoo. Hapa nitaziita kwa rangi zao: Nyeusi, Bluu na Kijani. Nakushauri ufanye vivyo hivyo kwenye jedwali lako. Ukiandika jina la kampuni, mkono unaanza kumpendelea unayemfahamu kabla hujapima kitu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu tatu ambazo umeziona kwa macho na unajua zinauzwa wapi. Zikizidi nne, punguza kwanza kwa hatua ya 1.
- Bei uliyotajiwa dukani siku hiyo. Ile ya kwenye mtandao iache.
- Bei ya kubadilisha kioo cha kila simu kutoka kwa fundi mmoja, uliyomuuliza mwenyewe.
- Daftari na kikokotoo, au programu ya majedwali kama Google Sheets au Excel. Ya kwenye simu inatosha.
- Mtu atakayeitumia simu. Kama unamnunulia mama, kaa na mama. Uzito wa vigezo haupangwi na mtu mwingine.

Tenga muda wa saa moja au zaidi kidogo. Sehemu kubwa itakwenda kwenye hatua ya 3 na ya 5.

## Hatua

1. Andika masharti ya lazima, kisha uondoe zisizoyatimiza.

Sharti la lazima ni lile ambalo simu ikilikosa huinunui hata ikiwa na mema mengine yote. Ya shangazi yalikuwa manne: bei isizidi 550,000, ishike 4G, ichukue laini mbili, na hifadhi isiwe chini ya GB 64. Kulikuwa na simu ya nne iliyokuwa nzuri kwa kila kitu, ila iliuzwa 610,000. Ikatoka hapohapo.

Kosa la kawaida hapa ni kuyaingiza masharti haya kwenye jedwali la alama. Ukiweka safu ya "4G" na simu zote tatu zina 4G, zote zitapata alama kamili na safu hiyo haitakusaidia kuchagua. Ubaya zaidi ni pale simu isiyo na kitu cha lazima inapoziba pengo kwa kamera nzuri na kushinda. Jedwali hujumlisha tu, halijui kipi huwezi kuishi bila hicho.

2. Chagua vigezo vitano, visizidi sita.

Kigezo ni jambo ambalo simu zako zinatofautiana na tofauti hiyo inakugusa. Shangazi alianza na orodha ya kumi na moja. Tulipoipitia, megapikseli, ubora wa picha, picha za usiku na kamera ya mbele vilikuwa vigezo vinne vya kitu kimoja. Ukiviacha vinne, kamera imehesabiwa mara nne bila wewe kukusudia. Tukavifunga kuwa kimoja: picha ya kitenge chini ya taa ya dukani inatoka vipi. Vivyo hivyo, prosesa, RAM na kasi mara nyingi vinasema jambo moja. Chagua kimoja.

Betri tuliiondoa, na hapa ndipo tulipobishana kwa muda. Alisema betri ndiyo roho ya simu, nami sikumpinga. Lakini simu zote tatu zilikuwa na betri ya mAh 5,000. Kilichotofautiana ni wati za chaji, yaani umeme ukirudi kwa saa moja simu inajaa kiasi gani. Kwa mtu ambaye umeme wake unakatika, hilo ndilo la kupima. Betri ikatoka, kasi ya chaji ikaingia.

Vigezo vyake vikawa kamera, bei, hifadhi, kasi ya chaji na bei ya kioo.

3. Kusanya taarifa halisi kabla ya kutoa alama yoyote.

Hili ndilo jedwali la kwanza. Halina alama, lina yale tu uliyoyaona na kuyapima:

| Simu | Kamera (jaribio) | Bei (TSh) | Hifadhi | Chaji | Kioo kwa fundi (TSh) |
|---|---|---|---|---|---|
| Nyeusi | rangi imefifia | 390,000 | GB 64 | wati 10 | 45,000 |
| Bluu | rangi halisi, nyuzi zinaonekana | 470,000 | GB 128 | wati 25 | 130,000 |
| Kijani | rangi halisi, ukungu kidogo | 540,000 | GB 256 | wati 33 | 90,000 |

Mambo matatu ya kuwa macho nayo.

Kwanza, RAM ya kwenye boksi. Ukiona imeandikwa GB 16 na chini yake kwa herufi ndogo "8GB + 8GB", RAM ya kweli ni 8. Zile nyingine nane zinaazimwa kutoka kwenye hifadhi ya simu, na hazina kasi ya RAM. Fungua mipangilio ya simu, sehemu ya kuhusu simu, uisome humo.

Pili, megapikseli si ubora wa picha. Simu mbili zenye kamera ya megapikseli 50 zinaweza kutoa picha tofauti kabisa, kwa sababu kinachoshika mwanga na namna simu inavyoichakata picha havifanani. Shangazi alikwenda na kipande cha kitenge chenye rangi ya zambarau na chungwa, akakipiga picha kwa kila simu akiwa amesimama palepale, chini ya taa ileile. Tofauti ilionekana bila kusoma boksi. Na wewe piga picha ya kitu unachokipiga kila siku.

Tatu, bei ya kioo. Muulize fundi bei za kioo cha daraja moja kwa simu zote. Ukipewa bei ya kioo cha asili kwa simu moja na cha kopi kwa nyingine, umelinganisha vitu viwili tofauti. Kioo cha Bluu kilikuwa ghali kwa sababu ni AMOLED, na vya aina hiyo kwa kawaida ni ghali kuliko LCD.

4. Geuza kila taarifa kuwa alama ya 0 hadi 10.

Shilingi haziwezi kujumlishwa na GB, ndiyo maana kila kitu kinaletwa kwenye kipimo kimoja. Kwa kila kigezo weka ncha mbili: 0 ni ipi na 10 ni ipi. Ziandike kabla hujaanza kutoa alama.

Kwa bei, shangazi alisema 550,000 ni 0 kwa sababu ndiyo kikomo chake, na 350,000 ni 10, maana chini ya hapo hakuona simu aliyoitaka. Hesabu ya Nyeusi ni hii:

```
=(550000-390000)/(550000-350000)*10
```

Jibu ni 8. Bluu inapata 4 na Kijani 0.5. Angalia kwamba bei ndogo imepata alama kubwa. Kuigeuza bei kinyumenyume ni kosa namba moja la wanaoanza: wanaweka alama kubwa kwa namba kubwa, na simu ghali inashinda kwa sababu ya ughali wake. Bei ya kioo ina tabia hiyohiyo. Kwake ncha zilikuwa 140,000 kwa alama 0 na 40,000 kwa alama 10.

Kwa chaji, wati 10 ni 0 na wati 35 ni 10. Hapa kubwa ndiyo nzuri, kwa hiyo unaanza na thamani ya simu na kuitoa ncha ya chini:

```
=(25-10)/(35-10)*10
```

Bluu inapata 6. Kijani, kwa wati 33, inapata 9.2.

Hifadhi hatukuifanyia hesabu. Kutoka GB 64 kwenda 128 ni kitu kikubwa kwa shangazi, kwa sababu mfumo wenyewe unakula sehemu ya zile 64 na picha za WhatsApp zinamaliza zilizobaki. Kutoka 128 kwenda 256 anafurahi, lakini si kwa kiwango kile. Kwa hiyo alitoa mwenyewe: 64 ni 0, 128 ni 7, 256 ni 10. Pale ambapo faida haipandi sawasawa na namba, toa alama kwa akili yako na uandike sababu pembeni.

Kamera nayo ilikuwa ya macho. Sifuri ni picha ambayo mteja hawezi kujua rangi ni ipi, kumi ni picha iliyo sawa na kitambaa mkononi. Nyeusi 4, Bluu 8, Kijani 7. Alama za macho ziombe kwa watu wawili zaidi bila kuwaambia picha ni ya simu ipi, kisha chukua wastani.

Wengi huweka ncha kwenye simu zenyewe: ya bei rahisi kati ya tatu inapata 10, ya ghali inapata 0. Inafanya kazi mpaka muuzaji ashushe bei au uongeze simu ya nne. Hapo ncha zinahama, alama za simu ambazo hazikuguswa zinabadilika, na hata mshindi anaweza kubadilika bila sababu ya maana. Ncha ukizipigilia mwanzoni, kila simu inasimama kwa miguu yake.

5. Panga uzito. Hapa usikimbie.

Swali ambalo watu hujiuliza ni "kigezo hiki ni muhimu kiasi gani?" Swali hilo linapotosha. Ukiulizwa kama bei ni muhimu, utasema ndiyo, sana. Lakini kama simu zote zingekuwa kati ya 450,000 na 455,000, bei isingekuwa na kazi yoyote kwenye uamuzi wako. Uzito ni wa safari kutoka ncha mbaya hadi ncha nzuri ya kigezo, zile ulizoziandika kwenye hatua ya 4.

Fanya hivi. Fikiria simu mbovu kuliko zote, iliyo kwenye 0 kwa kila kigezo: picha haieleweki, bei 550,000, hifadhi GB 64, wati 10, kioo 140,000. Sasa jiambie unaruhusiwa kupandisha kigezo kimoja tu kutoka 0 hadi 10. Utapandisha kipi kwanza?

Shangazi hakusita: kamera. Kamera ikapewa 100. Kisha nikamuuliza, ukiruhusiwa kingine? Akasema bei, kutoka 550,000 hadi 350,000. "Laki mbili ni mtaji wa doti kadhaa," aliniambia. Nikamuuliza furaha ya kuokoa laki mbili ni kiasi gani ukiilinganisha na ile ya kamera iliyopewa 100. Akafikiri, akasema 60. Hifadhi ikapata 40, chaji 30, kioo 20.

Jumla ya hizo ni 250. Gawa kila moja kwa 250, zidisha kwa 100, upate uzito unaotimiza mia:

- Kamera: 40
- Bei: 24
- Hifadhi: 16
- Chaji: 12
- Kioo: 8

Onyo: ukishaziona alama, usirudi kurekebisha uzito ili simu uliyoipenda ishinde. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa dakika ishirini. Kama unaitaka simu fulani kwa namna hiyo, inunue, jedwali liache.

6. Chora jedwali na upate safu ya jumla.

Weka vigezo juu, simu kushoto, jumla mwisho kulia. Mstari wa pili ni wa uzito.

| | Kamera | Bei | Hifadhi | Chaji | Kioo | Jumla |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Uzito | 40 | 24 | 16 | 12 | 8 | 100 |
| Nyeusi | 4 | 8 | 0 | 0 | 9.5 | 4.28 |
| Bluu | 8 | 4 | 7 | 6 | 1 | 6.08 |
| Kijani | 7 | 0.5 | 10 | 9.2 | 5 | 6.02 |

Kwa daftari, zidisha kila alama kwa uzito wa safu yake, jumlisha, gawa kwa 100. Bluu ni 320 + 96 + 112 + 72 + 8, jumla 608, yaani 6.08.

Kwenye Google Sheets au Excel, kama jedwali limeanza kisanduku A1, uzito utakuwa B2 hadi F2. Andika hivi kwenye G3, kisha nakili chini hadi G5:

```
=SUMPRODUCT(B$2:F$2,B3:F3)/SUM(B$2:F$2)
```

Alama ya dola ndiyo inayoushikilia mstari wa uzito usihame unaponakili. Na kwa kuwa tumegawanya kwa jumla ya uzito wenyewe, hata kama uzito wako haukutimia mia majibu yatakuwa sahihi.

7. Litikise jedwali kabla ya kuliamini.

Bluu 6.08, Kijani 6.02. Shangazi alitaka kuondoka akanunue Bluu. Nikamwambia asubiri. Alama moja ya kamera inabeba 0.40 kwenye jumla. Kama yule wa pili aliyeangalia picha angekuwa mkarimu kidogo kwa Kijani, mshindi angekuwa mwingine. Tofauti ya 0.06 ni ndogo kuliko makosa ya macho yetu, kwa hiyo hizi mbili zimekwenda sare.

Tikisa kwa kuhamisha uzito wa 5 kutoka kigezo kimoja kwenda kingine, uone nani anaongoza. Tulitoa 5 kwenye bei tukaiweka kwenye kamera: kamera 45, bei 19. Bluu ikawa 6.28, Kijani 6.35. Wengi hapa hushangaa, kwa sababu Bluu ndiyo yenye kamera nzuri, na bado kuiongezea kamera uzito kumeishusha hadi nafasi ya pili. Sababu ni kwamba Bluu inaizidi Kijani kwa alama 1 tu upande wa kamera, lakini upande wa bei inaizidi kwa 3.5. Tulipochukua uzito kutoka kwenye bei, tuliiondoa Bluu mahali ilipokuwa na nguvu zaidi. Tulipofanya kinyume, kamera 35 na bei 29, Bluu ikaongoza kwa 5.88 dhidi ya 5.70.

Nyeusi haikukaribia kwenye jaribio lolote. Hiyo tuliiaga bila wasiwasi.

8. Geuza tofauti kuwa shilingi.

Hatua hii watu wengi hawaifanyi, nami naiona ndiyo yenye faida kuliko zote. Kwa kuwa bei ni mojawapo ya vigezo, jedwali lako linajua alama moja ni shilingi ngapi kwako. Kwa shangazi, punguzo la 10,000 linaongeza alama 0.5 kwenye safu ya bei. Ukizidisha kwa uzito wa 24 na kugawa kwa 100, jumla inapanda kwa 0.12.

Kwa hiyo lile pengo la 0.06 ni shilingi 5,000. Kijani ikishuka kwa 10,000 tu inafikia 6.14 na kuipita Bluu. Ikishuka hadi 520,000 inafikia 6.26. Na Nyeusi, iliyo nyuma ya Bluu kwa 1.80, ingehitaji kushuka kwa kama shilingi 150,000, na hakuna muuzaji atakayefanya hivyo.

Sasa mnunuzi anaingia dukani akijua anachokitafuta. Shangazi alianza kwa muuzaji wa Kijani, akijua kwamba chini ya 535,000 ndiyo simu yake, na asiposhushiwa anavuka barabara kwa muuzaji wa Bluu. Bluu nayo ikishushwa, Kijani inabidi ishuke tena, shilingi kwa shilingi. Kijani alipewa kwa 520,000, na kava juu. Kava hatukulihesabu.

## Mambo yakienda kombo

Simu zote zimepata jumla zinazokaribiana, zote tatu. Angalia alama zako. Kama nyingi ni 6, 7 na 8, ncha zako ni pana mno, au umetoa alama kwa huruma. Rudi hatua ya 4 uzibane: ncha mbaya iwe kitu kibaya unachoweza kweli kukikuta kwenye bei zako, si simu ya tochi.

Jumla ya simu moja ni ndogo kwa namna usiyoielewa. Huenda kisanduku kimoja kina maneno badala ya namba. Ukiandika "10 nzuri" badala ya 10, `SUMPRODUCT` inaihesabu kama sifuri na haikuambii kitu. Kwa Kijani, kosa hilo kwenye hifadhi lingeishusha kutoka 6.02 hadi 4.42. Utalitambua hivi: kama hujabadilisha mpangilio wa visanduku, namba hukaa upande wa kulia wa kisanduku na maneno hukaa kushoto.

Mstari wa kwanza uko sawa, wa pili na wa tatu si sawa. Umesahau alama za dola. Uliponakili chini, Bluu ilizidishwa kwa alama za Nyeusi badala ya uzito. Kwenye mfano wetu Bluu ingesoma 3.42, namba ambayo haitoi kelele yoyote, ndiyo maana ni hatari. Hakiki mstari mmoja wa katikati kwa kikokotoo kila mara.

Inatokea `#ERROR!`. Simu au akaunti yako huenda imewekwa kwenye mpangilio wa nchi inayotumia mkato mahali pa nukta. Tumia nukta-mkato kutenganisha:

```
=SUMPRODUCT(B$2:F$2;B3:F3)/SUM(B$2:F$2)
```

Katika mpangilio huo desimali nazo ziandike kwa mkato, 9,2 badala ya 9.2.

Inatokea `#VALUE!`. Sehemu mbili ndani ya mabano hazilingani, kwa mfano B hadi F upande mmoja na B hadi E upande mwingine. Hutokea ukiongeza kigezo cha sita na kurekebisha upande mmoja tu.

Taarifa moja haipatikani. Kwa simu iliyotoka karibuni, fundi anaweza kukosa bei ya kioo. Usikisie katikati. Piga hesabu mara mbili, kwanza kwa alama 0, halafu kwa 10. Kijani ingekuwa kati ya 5.62 na 6.42. Kama mshindi ni yuleyule pande zote mbili, endelea. Kama anabadilika, hiyo ndiyo taarifa ya kuitafuta kwa mafundi wengine.

Imeshinda simu ambayo moyo hauitaki. Jiulize kuna nini kwenye ile nyingine ambacho hakimo kwenye jedwali. Ukiweza kukitaja, labda uzito wake mkononi au namna kioo kinavyosomeka juani, kiongeze kama kigezo, rudia hatua ya 5 yote tangu mwanzo, kisha upokee jibu. Usiongeze uzito wake peke yake ukaacha vingine vilivyo.

## Ukiwa dukani, kabla ya kutoa pesa

Jedwali limelinganisha aina za simu. Halijui kama hiyo iliyomo kwenye boksi ndiyo yenyewe. Washa simu, bonyeza `*#06#`, usome namba ya IMEI. Ilinganishe na iliyobandikwa kwenye boksi. Ukiwa Tanzania, itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, utajibiwa ni simu ya kampuni gani na ya aina gani. Jibu lisipolingana na simu uliyoshika, irudishe. Kisha fungua mipangilio, hakikisha hifadhi na RAM ni zile ulizoziandika kwenye hatua ya 3, piga picha kitambaa chako mara ya mwisho, na uombe risiti yenye IMEI hiyo.